Kosaini za kona za pembenyingi: kwa nini jumla yake ni sifuri, na wapi inakataa kuwa sifuri

Chukua kikokotoo, kiweke kwenye nyuzi, kisha utafute kosaini za pembe hizi tano: 0°, 72°, 144°, 216° na 288°. Ukikadiria hadi nafasi nne za desimali utapata 1, 0.3090, −0.8090, −0.8090 na 0.3090. Zijumlishe. Jibu ni sifuri. Rudia kwa pembe saba zinazoachana kwa 360°/7, au kwa pembe kumi na tatu, au mia moja na moja, mradi zimegawanya duara sawasawa. Kosaini zenyewe zitakuwa na desimali zisizo na mwisho, na bado jumla itarudi pale pale kwenye sifuri.

Ukiuliza sababu, jibu la haraka ni kwamba "kuna ulinganifu". Si uongo, ila jibu hilo linaruka sehemu yenye utamu. Kuna ulinganifu wa aina mbili katika picha hii, na ule unaoonekana kwa jicho siyo unaofanya kazi.

Chora duara lenye nusukipenyo cha 1, kitovu chake kikiwa pale mihimili miwili inapokatana. Weka kona ya kwanza kulia kabisa, kwenye nukta (1, 0), kisha zunguka kinyume cha mwendo wa saa ukiweka kona kila baada ya 72°. Ukiunganisha kona hizo unapata pembetano sawa. Kosaini ya kila pembe ni umbali wa kona yake kutoka mhimili wa wima: chanya ikiwa kona iko kulia, hasi ikiwa iko kushoto. Saini ni umbali wake juu au chini ya mhimili wa ulalo. Kwa hiyo tunaposema jumla ya kosaini ni sifuri, tunasema kwamba umbali wote wa upande wa kulia, ukijumlishwa, unalingana na umbali wote wa upande wa kushoto.

Kwa mraba au pembesita hakuna la kueleza. Kila kona ina mwenzake aliye ng'ambo ya pili ya kitovu, na kosaini zao zinafutana jozi kwa jozi. Hali ni hiyo hiyo kwa umbo lolote lenye idadi shufwa ya kona. Tabu inaanza kwenye idadi witiri. Katika pembetano hakuna kona inayotazamana na kona nyingine. Ukivuka kitovu kutoka kona yoyote unatua katikati ya upande. Kioo tulicho nacho ni mhimili wa ulalo: kona ya 72° iko juu, ya 288° iko chini yake wima, na kadhalika kwa 144° na 216°. Kioo hicho kinafuta saini, maana moja iko juu na nyingine chini kwa kiasi kile kile. Lakini kosaini hakizifuti hata kidogo, bali kinazirudia mara mbili. Kulia tunabaki na kona tatu, zenye jumla ya 1 + 0.3090 + 0.3090 = 1.6180. Kushoto kuna kona mbili tu, na jumla yake ni −1.6180. Watatu wamelingana na wawili, na hakuna kioo kinachoeleza ilikuwaje.

Kinachoeleza ni mzunguko, na njia nyepesi kuliko zote ya kuandika mzunguko ni namba changamano.

Nukta iliyo x kulia na y juu huandikwa x + iy, ambapo i ni namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata −1. Faida yake ni kwamba kuzidisha kunakuwa kuzungusha. Zidisha 1 kwa i unapata i, yaani umetoka kulia ukaenda juu. Zidisha tena unapata −1, umefika kushoto. Kila mara umezunguka robo ya duara. Vivyo hivyo, ukizidisha nukta yoyote kwa

z = cos(72°) + i sin(72°)

nukta hiyo inazunguka 72° bila kusogea karibu wala mbali na kitovu. Kwa hiyo kona zetu tano ni 1, z, z², z³ na z⁴. Ukizidisha mara nyingine, z⁵ ni mzunguko wa 360°, nawe umerudi kwenye 1. Ndiyo sababu kona hizi huitwa vipeuo vya tano vya 1: chukua yoyote kati yake, ipandishe kwa kipeo cha tano, na itakupa 1. Kwa z² kwa mfano, kuipandisha kwa kipeo cha tano ni sawa na kupandisha z⁵ kwa kipeo cha pili, na z⁵ ni 1.

Sasa iite jumla yao S:

S = 1 + z + z² + z³ + z⁴

Zidisha pande zote kwa z. Upande wa kulia unapata z + z² + z³ + z⁴ + z⁵, na kwa kuwa z⁵ = 1, hizo ni kona zile zile tano zilizobadilishana nafasi. Hivyo zS = S, yaani S(z − 1) = 0. Na z si 1, kwa hiyo lazima S iwe 0.

Hebu tusome hesabu hiyo kama picha, maana hapo ndipo inapokaa kichwani. Chora mshale kutoka kitovuni hadi kila kona, kisha ujumlishe mishale yote mitano upate mshale mmoja. Zungusha mchoro mzima kwa 72°. Kwa upande mmoja, mshale wa jumla lazima uzunguke 72° pamoja na mchoro. Kwa upande mwingine, kona zimetua juu ya nafasi za kona, hakuna kilichobadilika, kwa hiyo jumla lazima ibaki vile vile. Mshale unaozunguka 72° na bado ukabaki ulivyokuwa ni mmoja tu: ule usio na urefu. Pangaboi lenye mapanga yanayolingana uzito na nafasi halina upande wa kuegemea kwa sababu hiyo hiyo, yawe mapanga matatu, manne au matano.

Namba changamano inakuwa sifuri pale tu sehemu yake halisi na sehemu yake ya kufikirika zote mbili ni sifuri. Sehemu halisi ya S ni jumla ya kosaini. Ya kufikirika ni jumla ya saini. Tumezimaliza zote kwa pigo moja. Na kuna jambo la kuangalia hapa: kosaini peke yake isingekubali hoja hii. Ukizungusha nukta, kosaini yake mpya inatengenezwa na kosaini na saini za zamani kwa pamoja. Anayejaribu kuzungusha kosaini bila saini anakwama njiani, na ndiyo maana tulilazimika kupanda hadi namba changamano ili tushuke na jibu la kosaini tupu.

Asiyependa i ana njia nyingine. Zidisha kila kosaini kwa 2 sin(36°), yaani maradufu ya saini ya nusu ya hatua. Kanuni ya kuzidisha saini na kosaini inasema 2 sin(36°) cos(72°) = sin(108°) − sin(36°), kisha 2 sin(36°) cos(144°) = sin(180°) − sin(108°), na kuendelea. Kila mstari unameza mkia wa mstari uliotangulia. Mwishoni zinabaki ncha mbili, sin(324°) − sin(−36°), na hizo ni namba moja ikitolewa na yenyewe. Njia hii ni sahihi na inafaa kwenye mtihani, ingawa kwangu inathibitisha bila kuonyesha.

Mambo mawili yanafuata bure. La kwanza, si lazima kona ya kwanza iwe kulia kabisa. Geuza pembetano kwa pembe yoyote a, na mshale wa jumla, ukiwa hauna urefu, utageuka ubaki bila urefu. Kwa hiyo cos(a) + cos(a + 72°) + cos(a + 144°) + cos(a + 216°) + cos(a + 288°) ni sifuri kwa kila a. Shika hilo, tutalihitaji kwenye umeme. La pili, ukiondoa kona moja, jumla ya zilizobaki ni kinyume cha ile uliyoiondoa. Ondoa 1, na kosaini nne zinazobaki zinatoa −1. Kati ya hizo nne kuna jozi mbili zinazofanana, hivyo

cos(72°) + cos(144°) = −1/2

Mstari huu mmoja unatosha kukupa thamani kamili ya cos(72°) bila kikokotoo. Ikiwa cos(72°) ni c, basi cos(144°), kwa kuwa pembe yake ni maradufu, ni 2c² − 1. Weka ndani: c + 2c² − 1 = −1/2, yaani 4c² + 2c − 1 = 0. Mlinganyo wa kipeo cha pili wa kawaida kabisa. Majibu yake ni (−1 + √5)/4 na (−1 − √5)/4. La kwanza ni 0.3090, ndiyo cos(72°). La pili ni −0.8090, na hiyo ni cos(144°), ambayo imejitokeza yenyewe ingawa hatukuiuliza.

Kwa kuwa jibu lina kipeuo cha pili tu, pembetano inaweza kuchorwa kwa bikari na rula isiyo na vipimo. Hebu tuifanye kwa duara la nusukipenyo cha sentimita 10 ili namba ziwe rahisi kukagua. Chora duara, kitovu O, na kipenyo cha ulalo. Simamisha nusukipenyo wima kutoka O hadi juu, uite ncha yake B. Tafuta katikati ya nusukipenyo cha kushoto, uite M. Iko sentimita 5 kushoto ya O. Umbali kutoka M hadi B ni kipeuo cha pili cha 25 + 100, yaani karibu 11.18. Weka ncha ya bikari kwenye M, ifungue hadi B, kisha izungushe ishuke ikate kipenyo upande wa kulia. Inakikata sentimita 11.18 − 5 = 6.18 kutoka O. Nusu ya hiyo ni 3.09. Simamisha mstari wima hapo, na pale unapokata duara juu na chini ndipo zilipo kona za 72° na 288°. Umbali kutoka kona hizo hadi kona ya kulia kabisa ni upande wa pembetano, karibu sentimita 11.76, hamisha umbali huo kwa bikari kuzunguka duara uzipate kona mbili zilizobaki.

Ukitaka kujua kama mkono ulitulia, pima kwa milimita umbali wa kila kona kutoka mhimili wa wima. Unatarajia 100, 31 na 31 upande wa kulia, 81 na 81 upande wa kushoto: 162 kwa 162. Tofauti ya milimita moja au mbili ni unene wa penseli. Ikifika sita au saba, mara nyingi bikari ilifunguka kidogo wakati wa kuhamisha upande, na kosa likaongezeka kila hatua.

Tahadhari lakini: kipimo hicho kinakamata makosa, hakithibitishi usahihi. Pembetano ikiwa sawa, jumla ni sifuri. Kinyume chake si lazima. Weka pembetatu sawa kwenye duara, kisha ongeza nukta mbili zinazotazamana kupitia kitovu mahali popote. Una nukta tano, mishale yake inafutana kabisa, na umbo lake halifanani na pembetano sawa. Ni kwa nukta tatu tu juu ya duara ndipo jumla ya sifuri inailazimisha pembetatu iwe sawa. Kuanzia nne kuendelea, kuna maumbo mengine yanayopita. Mstatili ni mojawapo.

Hatua ile ile ukiipeleka kwenye pembesaba, mambo yanageuka. Ukiondoa 1 na kuchukua kosaini moja ya kila jozi, jumla bado ni −1/2: kosaini za 360°/7, 720°/7 na 1080°/7 ni karibu 0.6235, −0.2225 na −0.9010, na jumla ni −0.5000. Mwaka 1963, Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati ilipofanyika Poland, swali la tano liliwataka washindani wathibitishe kwamba cos(π/7) − cos(2π/7) + cos(3π/7) = 1/2. Ni jumla yetu ile ile iliyovaa nguo nyingine, π ikisimama badala ya 180°: cos(6π/7) ni kinyume cha cos(π/7), cos(4π/7) ni kinyume cha cos(3π/7), badilisha alama za pande zote, umemaliza. Lakini ukijaribu kutafuta kila kosaini kivyake unafikia mlinganyo wa kipeo cha tatu, 8c³ + 4c² − 4c − 1 = 0, ambao haugawanyiki kuwa vipande vyepesi. Bikari na rula hutoa vipeuo vya pili tu, kwa hiyo pembesaba sawa haichoreki kwa vyombo hivyo. Jumla tunaijua kikamilifu, vipande vyake havishikiki.

Kijana Mjerumani Carl Friedrich Gauss aliona mlango mwingine mwishoni mwa Machi 1796, akiwa na umri wa miaka 18. Aliangalia umbo la kona 17. Nusu yake ina kosaini nane, na jumla ni −1/2 kama kawaida. Badala ya kutafuta moja moja, aligawa zile nane katika makundi mawili ya nne nne, kwa mpangilio maalumu. Ikiwa t ni 360°/17, kundi la kwanza ni lile unalolipata kwa kuongeza pembe maradufu: cos(t), cos(2t), cos(4t) na cos(8t). Jumla ya makundi mawili ni −1/2, na zao lao linatoka −1. Namba mbili ukizijua jumla na zao, zinapatikana kwa mlinganyo wa kipeo cha pili: (−1 + √17)/4 na (−1 − √17)/4, karibu 0.7808 na −1.2808. Kisha kila kundi likagawanywa tena mara mbili, na tena, kila mara kwa kipeuo cha pili, hadi cos(t) ikabaki peke yake. Inawezekana kwa sababu 17 ukitoa moja ni 16, na 16 ni mbili zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe. Kwa 7, kilichobaki ukitoa moja ni 6, ndani yake mna 3, na 3 haikatiki kwa mbili. Kwamba maumbo kama pembesaba hayawezekani kabisa kulithibitishwa kwa ukamilifu na Mfaransa Pierre Wantzel mwaka 1837.

Turudi kwenye hoja ya mzunguko, maana ina ufa mmoja nilioupita kimya. Tulisema S(z − 1) = 0, na kwa kuwa z si 1, S ni 0. Je, z ikiwa 1?

Fikiria badala ya kupita kona moja moja unaruka. Kwenye pembetano, ruka mbili mbili: 0°, 144°, 288°, 432°, 576°. Ukifuata mistari unapata nyota ya ncha tano, lakini umekanyaga kona zile zile, kila moja mara moja, na jumla ni sifuri. Ruka tatu tatu au nne nne, ni hivyo hivyo. Ruka tano tano, na kila ruko ni duara zima. Hujatoka pale pale kulia kabisa: 1 + 1 + 1 + 1 + 1 = 5. Kwa ujumla, ukiwa na kona n na unaruka k kwa k, jumla ya kosaini ni sifuri, isipokuwa k ikigawanyika kwa n. Hapo jumla ni n. Hakuna jibu la katikati. Hata pale rukio zinaporudia kona chache, mfano mbili mbili kwenye pembesita, unazunguka pembetatu sawa mara mbili, na sifuri mara mbili ni sifuri.

Ukitaka kuiona kwenye kompyuta, mistari hii ya Python inatosha:

```
from math import cos, pi
n = 5
for k in range(11):
    s = sum(cos(2*pi*k*j/n) for j in range(n))
    print(k, round(s, 10))
```

Kwa k = 0, 5 na 10 inachapisha 5.0, kwingine kote 0.0, wakati mwingine -0.0. Ukiondoa round utaona badala ya sifuri namba kama zile zinazoishia na e-16. Hilo si kosa la hisabati. Kompyuta huhifadhi cos(72°) kwa tarakimu chache zaidi ya kumi na tano, na vibaki vya ukadiriaji havifutani kabisa. Kwa hiyo kwenye programu usiulize kama jumla ni sawa na sifuri. Uliza kama ukubwa wake, bila kujali alama, ni mdogo kuliko kiwango ulichochagua.

Kanuni hiyo ya "sifuri au n" ina gharama ya kweli kwenye umeme. Umeme wa njia tatu ni pembetatu sawa inayozunguka. Kwa mfumo wa hezi 50, kama wa kwetu Afrika Mashariki, inazunguka mara 50 kwa sekunde. Kila waya wa fezi unabeba mkondo unaopanda na kushuka kama kosaini, na fezi tatu zimepishana 120°. Mikondo yote mitatu ikitoka kwenye vifaa hukutana kwenye waya mmoja wa kurudia, nyutro. Mizigo ikilingana, kila fezi ampea 20 kwa mfano, nyutro inabeba 20 mara cos(a) + cos(a + 120°) + cos(a + 240°). Hiyo ni sifuri kwa kila a, yaani kwa kila sehemu ya sekunde. Ndiyo maana mota kubwa ya njia tatu inaweza kufanya kazi bila nyutro kabisa.

Mizigo isipolingana, ule ujanja wa kuondoa kona unatupa jibu papo hapo. Tuseme fezi mbili zina ampea 20 na ya tatu ina 8 tu, vifaa vyote vikiwa vya aina ya hita. Kungekuwa na 20 zote tatu tungepata sifuri. Tumepunguza 12 kwenye kona moja, kwa hiyo nyutro inabeba 12, ikielekea upande ulio kinyume na kona hiyo. Fundi anayehamisha nyumba kadhaa kutoka fezi moja kwenda nyingine ili "kubalansi" anairudisha pembetatu hiyo kwenye usawa.

Sasa ondoa hita, weka kompyuta, televisheni, chaja na taa za LED. Vifaa vingi vya namna hii havivuti mkondo kwa ulaini wa kosaini. Vinaudokoa kwa vipande vifupi pale volti inapofika kileleni. Mkondo wenye umbo hilo ni mchanganyiko wa kosaini ya hezi 50 na nyingine zenye kasi mara tatu, mara tano, mara saba na kuendelea, ambazo mafundi wanaziita harmoniki. Tazama ile ya mara tatu, yenye hezi 150. Fezi ya pili imechelewa 120°, lakini kwa kosaini inayokwenda kasi mara tatu, kuchelewa huko ni 360°. Ya tatu imechelewa 240°, ambayo inakuwa 720°. Hakuna aliyechelewa. Ni k = 3 kwa n = 3, na jumla si sifuri, ni tatu.

Namba zenyewe: kila fezi ina ampea 20 za hezi 50 na ampea 6 za hezi 150. Zile za hezi 50 zinafutana kwenye nyutro kama kawaida. Zile za hezi 150 zinajumlishana: 18. Mita ya kubana waya itaonyesha karibu ampea 21 kwenye kila fezi, fezi tatu zimelingana vizuri kabisa, na nyutro ina 18. Fundi asiyejua atahangaika kuhamisha mizigo, na haitasaidia, kwa sababu kulinganisha fezi hakugusi harmoniki ya tatu. Kunahakikisha tu kwamba zote tatu zinaijaza nyutro kwa kiasi kile kile. Harmoniki ya tano na ya saba hazina shida hii, maana 5 na 7 hazigawanyiki kwa 3, nazo zinafutana. Wanaorundikana kwenye nyutro ni wa 3, 9, 15 na wenzao.

Hapo ndipo nyutro iliyochaguliwa nyembamba kwa kuamini kwamba "inabeba kidogo" inapopata moto, insulesheni ikabadilika rangi kwenye maungio, ilhali sakitibreka za fezi zimetulia kwa sababu hakuna fezi iliyozidiwa. Dalili ya kutofautisha ni hii: ikiwa mikondo ya fezi inatofautiana sana na nyutro ina moto, tatizo ni mizigo, na kuihamisha kutatibu. Ikiwa fezi zinalingana na nyutro bado ina mkondo mkubwa, pima kasi yake kwa mita inayoonyesha hezi. Ikisoma 150 badala ya 50, dawa ni nyutro nene zaidi, kichujio cha harmoniki, au vifaa vinavyovuta mkondo kwa ulaini zaidi.